Vipindi kumi vya katuni ya mtandaoni: kupanga uzalishaji kuanzia skripti hadi kupakia

Ukipita YouTube utakutana na katuni za Kiswahili ambazo kipindi cha kwanza kimetengenezwa vizuri sana, cha pili kikachelewa miezi, na cha tatu hakijatoka mpaka leo. Mara nyingi wachoraji wake hawana tatizo lolote la mkono. Timu ilianza kuchora kipindi cha kwanza bila kujua kipindi cha saba kitahitaji nini, ikamaliza nguvu kwenye vitu vinavyoonekana mara moja tu, kisha kila kipindi kipya kikawa mradi mpya.

Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Timu iko Dodoma mjini. Mfululizo ni wa vipindi kumi vya dakika tatu kila kimoja. Bibi anauza zabibu kwenye kibanda karibu na soko la Majengo, anaishi na mjukuu wake wa kiume mwenye miaka 11, kuna dereva wa bajaji anayekula zabibu kwa mkopo, kuna mama lishe wa jirani, na kuna mbuzi. Animesheni yenyewe ni ya vipande: mhusika anachorwa mara moja, viungo vyake vinatenganishwa, kisha vinaungwa kwa mifupa ya kompyuta ili animeta amsogeze bila kumchora upya. Huyo mhusika aliyeungwa tayari tutamwita rigi. Programu ni Blender kwa wahusika na Krita kwa mandhari, zote za bure. Ukitumia Moho au Toon Boom Harmony mpangilio haubadiliki.

## Fungeni skripti zote kumi kwanza

Dakika moja ya katuni ni kama ukurasa mmoja wa skripti, kwa hiyo mfululizo mzima ni kurasa thelathini hivi. Mwandishi mmoja na mwongozaji mmoja wanaweza kuzimaliza kwa wiki tano, mapitio yakiwemo. Watu wengi wanaona hizo wiki tano ni za kusubiri bure, wanaanza kuchora wahusika pembeni, na huyo mhusika anakuja kubadilishwa skripti ya nne ikifika. Wachoraji waachwe wajaribu sura na rangi kwenye karatasi, lakini rigi hata moja isijengwe.

Urefu wa skripti upimwe kwa kuisoma kwa sauti huku saa ya simu inahesabu, na msomaji aache nafasi halisi pale penye kitendo bila maneno. Ikitoka dakika tatu na sekunde arobaini, kata leo. Sekunde arobaini zinazobaki kwenye karatasi zitakuja kudai siku tano za animeta mmoja, kama hesabu ya hapa chini itakavyoonyesha.

Kufunga maana yake ni kwamba mwongozaji, mtayarishaji na mfadhili kama yupo wameandika "tumekubali" kwenye barua pepe au kwenye kundi la kazi, yenye tarehe. Kukubaliana kwa mdomo kwenye kikao cha chai hakutoshi, maana baada ya miezi mitatu kila mtu atakumbuka chake.

## Jedwali la vitu

Hapa ndipo mfululizo unapookolewa au kuzama, kwa hiyo chukua wiki nzima. Fungua jedwali la kawaida kwenye kompyuta. Safu za juu ziwe E01 mpaka E10. Mistari ya kushuka iwe kila mandhari, kila mhusika na kila kifaa kinachoshikwa au kusogea. Soma skripti zote kumi na uweke alama pale kitu kinapoonekana. Ukimaliza, usisome tena kipindi kwa kipindi, soma mstari kwa mstari. Mstari wenye alama moja peke yake unakuuliza swali: kitu hiki kweli kinastahili kuchorwa?

Katika mfano wetu, jedwali la mara ya kwanza lilitoa mandhari 19, na nane kati yake zilikuwa na alama moja. Kipindi cha pili kilitaka zahanati, cha tano ofisi ya mtendaji wa kata, cha tisa benki. Zote tatu ni mahali ambapo Bibi anasubiri aitwe. Kwa hiyo tunachora chumba kimoja cha kusubiri chenye benchi, dirisha na meza, na juu yake tunaweka matabaka yanayobadilika: rangi ya ukuta, bango, saa, pazia. Mandhari tatu zimekuwa moja. Kipindi cha nane kilitaka stendi ya mabasi ya Nzuguni kwa sababu ndugu wa Bibi anawasili kutoka safari. Stendi ni mchoro mkubwa, una mabasi na umati wa watu, na haurudi tena. Mwandishi akaulizwa kama ndugu huyo anaweza kushushwa na bajaji mbele ya kibanda, mizigo ikiwa imefungwa juu kwa kamba. Akakubali, na kusema kweli sini ikachekesha zaidi. Mandhari nyingine nne za alama moja zikatatuliwa kwa njia hizohizo, na tukabaki na mandhari 12.

Shamba la zabibu la Makutupora lina alama tatu, E01, E06 na E10, kwa hiyo linabaki. Lakini angalia majira. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na E06 inatokea baada ya mizabibu kupogolewa. Mandhari ileile inahitaji hali mbili: yenye vichala na iliyopogolewa. Ongeza safu ya "hali" kwenye jedwali, vinginevyo jambo hili litagunduliwa na animeta siku anafungua faili ili aanze kazi. Usiku, asubuhi na ile saa ya vumbi la alasiri havihesabiwi kuwa hali mpya, hivyo ni tabaka la rangi linalowekwa juu ya mchoro uleule.

Wahusika walikuwa 19. Watano ni wakuu. Wale 14 wengine, wateja na wapita njia, tumewapa miili mitatu tu: mwembamba, mnene na mtoto. Vichwa, mitandio, kofia na mashati vinabadilishwa juu yake. Mtazamaji anaangalia uso na nguo, hana habari na mabega.

## Rigi, na mtego wa kanga

Mhusika mkuu anajengwa kwa pande tatu: mbele, robo tatu na ubavu. Wa pembeni anapata robo tatu peke yake. Upande wa pili unapatikana kwa kugeuza mchoro kama kwenye kioo, na hapo ndipo pana mtego ambao hauonekani mpaka umechelewa.

Bibi amevaa kanga begani. Kanga ina jina lake pale chini, yaani maandishi. Animeta akimgeuza Bibi atazame kushoto, jina la kanga linasomeka kinyumenyume, na upande ulioshuka kutoka bega la kulia unahamia bega la kushoto katikati ya mazungumzo. Watazamaji wa Kiswahili husoma kanga, wataliona na wataliandika kwenye maoni. Dawa yake ni kuamua mapema: ama kanga yake ichorwe bila jina, iwe na pindo na mji tu, ama jina liwe tabaka la peke yake lisilogeuzwa. Kwa bega, mchoraji atengeneze vipande viwili vya kanga na animeta achague. Fuata njia hiyohiyo kwa namba ya bajaji, maandishi ya kibanda, na mfuko wa shule wa mjukuu wenye kamba moja.

Midomo ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Programu ya bure ya Rhubarb husikiliza sauti na kupendekeza mdomo upi uonekane wakati upi. Ina maumbo sita ya lazima, yanayoitwa A hadi F, na matatu ya hiari: G kwa sauti za f na v, H kwa l, X kwa mdomo uliotulia. Kwa Kiswahili chora yote tisa kwa wahusika watano wakuu, na sita kwa wengine. Kwa kawaida Rhubarb hutafuta maneno ya Kiingereza, hivyo ni lazima uiambie ifuate sauti tupu:

```
rhubarb -r phonetic -f json -o E03_SH015.json E03_SH015.wav
```

Matokeo yake ni rasimu. Hukosea pale mwigizaji anapomeza silabi au kucheka ndani ya neno, na animeta atarekebisha kwa mkono.

Pamoja na rigi, jengeni benki ya vitendo: mwendo wa kila mhusika mkuu, Bibi kufungua kibanda asubuhi, mjukuu kukimbia, mbuzi kutafuna, bajaji kupita barabarani mbele ya mbuyu. Hivi hutengenezwa mara moja, vizuri kabisa, na hutumika vipindi vyote kumi. Kitendo kimoja kisirudi zaidi ya mara moja ndani ya kipindi kimoja, na kila kinaporudi kibadilishwe ukubwa wa picha au saa ya siku.

Jambo la kiufundi lenye uzito: kwenye Blender, rigi iingizwe kwenye faili ya shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, kwa `Link`, isiingizwe kwa `Append`. Ukitumia `Append` unatengeneza nakala, na kosa la kiwiko cha Bibi likigunduliwa itabidi ulirekebishe kwenye kila faili. Kwa `Link` unarekebisha mara moja tu. Lakini kuna upande wa pili wa shilingi. Rigi ikibadilishwa, shoti zilizokwisha kukubaliwa nazo zinabadilika, na mkono uliokuwa umeshika kichala unaweza kujikuta umeshika hewa. Kwa hiyo rigi ipewe namba, na shoti zilizopita zibaki na namba yao ya zamani. Majina ya faili yawe ya aina moja kwa wote:

```
ZBB_E03_SH015_anim_v004.blend
```

Mradi, kipindi, shoti, idara, toleo. Neno "mwisho", na lile maarufu la "mwisho kabisa", yapigwe marufuku kwenye majina ya faili.

## Nani anafanya nini

Timu ya watu wanane inatosha: mtayarishaji, mwongozaji, mwandishi anayeendelea kama mchoraji wa storibodi kama ana mkono huo, mchoraji wa mandhari, mjenzi wa rigi, animeta watatu. Huyo ni mtu wa nane, na bado hatujataja sauti. Sauti na uhariri vifanywe na mtu wa nje anayelipwa kwa kipindi, maana kazi yake huja kwa mawimbi na hutaki kumlipa mwezi mzima akiwa amekaa.

Katika timu ndogo mtu mmoja huvaa kofia mbili, na hilo halina ubaya. Kuna jozi mbili tu za kofia ambazo ningezuia zisivaliwe pamoja. Mwongozaji asiwe animeta mwenye mgao wa kila siku, kwa sababu akizama kwenye shoti yake, animeta watatu wanakaa wakisubiri majibu yake. Na mtayarishaji asiwe mwongozaji. Mtayarishaji ndiye anayesema "hapana, hatuna siku hizo", na mtu hawezi kujiambia hivyo mwenyewe saa nne usiku anapopenda sini yake.

Mjenzi wa rigi asiachwe aondoke rigi zinapokamilika. Atengewe siku mbili kila wiki kwa muda wote wa animesheni, za matengenezo.

## Animatiki na sauti

Storibodi ni michoro ya haraka ya kila shoti. Ukiipanga kwenye muda halisi pamoja na sauti unapata animatiki, yaani kipindi kizima kikiwa bado mchoro mkavu. Kwa kuanzia, sauti zisomwe na wanatimu wenyewe kwa simu. Muda wa shoti ukishakubaliwa, waigizaji halisi wanaitwa.

Dodoma ina ratiba yake ya kelele. Mvua ikinyesha juu ya bati huwezi kurekodi chochote, na mvua zetu huisha karibu Aprili. Kuanzia Juni upepo unakuwa mkali na madirisha yanalia. Mei ni mwezi mzuri. Kama huna studio, chagua chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani, tundika mablanketi mazito kwenye kuta, zima friji, na rekodi baada ya bodaboda kupungua usiku. Rekodi sekunde thelathini za ukimya wa chumba kila unapoanza. Mhariri atazihitaji kuziba mapengo.

Mwigizaji akitoka Dar es Salaam, treni ya SGR imerahisisha safari tangu 2024. Kinachobana ni malazi. Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni, na nyumba za wageni hujaa na kupanda bei. Aidha tumia waigizaji wanaoishi hapa, aidha panga wa Dar arekodi vipindi vingi kwa siku mbili.

Mjukuu ana hesabu ya peke yake. Kama mwigizaji wake ni mvulana halisi wa miaka 12 au 13, sauti yake inaweza kuvunjika kabla hamjamaliza. Arekodi vipindi vyote kumi kwa mkupuo mmoja, hata kama animatiki za vipindi vya mwisho bado hazijakamilika, na kila sentensi airudie kwa kasi mbili tofauti ili mhariri awe na la kuchagua. Wengine warekodi kwa awamu mbili za vipindi vitano.

## Kasi ya animeta hupimwa

Kosa la kupanga ni kusema "kipindi kimoja kwa wiki" kwa sababu linasikika vizuri. Chukua shoti tatu za kweli, moja rahisi, moja ya kati, moja ngumu, mpe kila animeta azifanye zote, na uandike muda. Rahisi ni mtu mmoja anaongea amekaa. Ya kati ni mtu anayetembea, kugeuka, kuweka kitu mezani. Ngumu ni watu wawili wanaogusana, au mhusika na kifaa kinachobadilika, kama mbuzi anapovuta kichala kutoka mkononi mwa Bibi.

Tuseme majaribio yametoa sekunde 12 kwa siku kwa rahisi, nane kwa kati, nne kwa ngumu. Sasa tupime kipindi cha tatu, kile cha mbuzi. Jumla ni sekunde 180. Sekunde 10 ni utangulizi na 10 ni majina ya mwisho, ambazo ni zilezile kila kipindi. Sekunde 40 zinatoka benki ya vitendo. Zinabaki 120 mpya: 60 rahisi, 40 za kati, 20 ngumu. Rahisi zinataka siku tano za animeta mmoja, za kati siku tano, ngumu siku tano. Jumla siku 15, yaani animeta watatu kwa wiki moja ya kazi. Kipindi kimeenea.

Sasa mwongozaji aseme mbuzi apewe nafasi zaidi, na sekunde 20 zilizokuwa rahisi ziwe ngumu. Urefu wa kipindi haujabadilika hata kidogo. Lakini rahisi zimekuwa 40, zaidi kidogo ya siku tatu. Za kati bado tano. Ngumu zimekuwa 40, siku kumi. Jumla imevuka 18. Mmepoteza siku tatu na zaidi bila kuongeza sekunde moja, na bila jedwali hili hakuna ambaye angejua zilikwenda wapi. Mbuzi anaweza kupewa hizo sekunde, ila zitolewe kwenye kipindi kingine, na mtayarishaji aonyeshe ni kipi.

## Kalenda

Anza wiki ya kwanza ya Machi. Wiki ya 1 hadi 5 ni skripti. Wiki ya 6 ni jedwali la vitu na majaribio ya sura. Wiki ya 7 hadi 10 rigi, mandhari na benki vinajengwa, huku storibodi za vipindi vitano vya kwanza zikiendelea. Sauti za awamu ya kwanza zirekodiwe wiki ya 10, ambayo inaangukia Mei. Zile shoti tatu za kupima kasi zifanyike hapohapo, rigi ya kwanza inapokuwa tayari.

Wiki ya 11 na 12 tengenezeni kipindi kimoja kamili mpaka sauti na rangi ya mwisho. Kisiwe kipindi cha kwanza. Timu itakuwa bado inajifunza rigi, na watu huamua kuendelea au kuondoka kwa kuangalia E01. Chagueni E03 au E04, chenye mchanganyiko wa kila aina ya shoti. Wiki ya 13 hakuna animesheni mpya: rigi zinarekebishwa kwa yaliyoonekana, na makadirio yanaandikwa upya.

Kuanzia wiki ya 14 ni vipindi vitatu kwa wiki tatu, kisha wiki moja ya akiba, mara tatu mfululizo, mpaka wiki ya 25. Wiki ya akiba si likizo na wala isijazwe kazi mapema. Humeza umeme uliokatika, animeta aliyeugua, mfadhili aliyechelewa, na sikukuu. Katika kalenda hii Sabasaba na Nanenane zote zimo, na Nanenane kwa Dodoma maonyesho ya Nzuguni huvuta mji mzima.

Kila kipindi kikitoka kwa animeta kinahitaji wiki mbili za rangi ya mwisho, muziki na mchanganyiko wa sauti, wakati animeta wako kwenye kingine. Ukihesabu hivyo, mwanzoni mwa wiki ya 22 una vipindi sita vilivyokamilika, na hapo ndipo uanze kutoa kimoja kwa wiki. Usianze ukiwa na viwili. Ila ukumbuke vitatolewa kwa mfuatano, kwa hiyo E01 na E02 viwe katika kundi la kwanza baada ya jaribio. Muda huo pia utumike kuuliza Bodi ya Filamu na TCRA taratibu zinazohusu maudhui ya aina yako, kabla ya tarehe kutangazwa.

## Duru za mapitio

Mapitio yako manne. Skripti ina duru mbili. Animatiki ina duru mbili. Animesheni ina duru mbili: ya kwanza ni mikao tu, mhusika akiruka kutoka pozi hadi pozi bila mwendo wa kati, na ya pili ni mwendo uliokamilika. Kipindi kilichokamilika kina duru moja, ya makosa ya kiufundi pekee.

Kila hatua ya mapitio ina kinachoruhusiwa kuguswa. Baada ya animatiki kufungwa, maneno hayabadiliki na urefu wa shoti haubadiliki. Kubadilisha sentensi moja ya dereva wa bajaji kwenye animatiki ni kazi ya nusu saa. Sentensi hiyohiyo ikibadilishwa baada ya animesheni, mwigizaji anaitwa upya, midomo inafanywa upya, mikono inarekebishwa kwa kuwa ilifuata mdundo wa maneno ya zamani, na muziki unasogezwa. Hiyo ni siku nzima, na wakati mwingine mbili.

Maoni yote yapite kwa mtu mmoja, mtayarishaji, naye ayaandike mahali pamoja, kwenye Kitsu, programu ya kufuatilia uzalishaji, au kwenye jedwali. Oni moja liwe na shoti, sekunde na tatizo, na lipewe daraja: lazima, au ikiwezekana. Mwakilishi wa mfadhili akiandika kwenye kundi, "Bibi hajapendeza hapa", hakuna animeta anayeweza kulifanyia kazi hilo. Mtayarishaji amrudie kwa adabu: "Dada, tunashukuru. Ni uso wake au ni mkao? Unaona ni sekunde ya ngapi?" Jibu likija kwamba sekunde ya 48 Bibi anamkaripia mjukuu huku anatabasamu, sasa kuna kazi: SH011, sekunde 48, nyusi zishuke na mdomo ufungwe kabla ya kuanza kuongea, lazima.

Mapitio yawe na mwisho. Siku mbili za kazi zikipita bila maoni, shoti imekubaliwa, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Taasisi nyingi zitahitaji sahihi ya bosi aliye safarini. Waombeni mapema wataje jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukubali kwa niaba yake.

Duru ya animatiki na ile ya mwisho zifanyike kwenye simu, tena simu ya bei ya chini, nje, juani. Watazamaji wengi watakuwa hapo. Utaona kwamba maandishi ya bei kwenye kibanda hayasomeki na kwamba uso wa mama lishe umezama kwenye kivuli, vitu ambavyo kioo kikubwa cha ofisini kilivificha.

## Kurenda na kutunza

Kurenda ni kuiachia kompyuta itoe picha za mwisho za kila shoti. Renda kwa picha mojamoja za PNG, kisha uziunganishe kuwa video. Ukirenda moja kwa moja kuwa video na umeme ukakatika, faili nzima inaweza kuharibika. Ukiwa na PNG, umeme ukikatika baada ya fremu ya 900 unaanzia 901. Kipindi cha sekunde 180 kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 4,320. Kompyuta yako ikichukua sekunde sita kwa fremu, ni saa saba na dakika kumi na mbili, yaani usiku mmoja. Ikichukua sekunde ishirini ni siku nzima ya saa 24, kompyuta ya animeta haipo mezani, na kalenda yote ya juu imevunjika. Kwa hiyo muda wa fremu upimwe wakati wa kipindi cha majaribio, na mandhari nzito zipunguzwe wiki ya 13.

Kila jioni folda ya mradi inakiliwa kwenye diski mbili za nje. Moja inabaki ofisini na nyingine inakwenda nyumbani kwa mtayarishaji. Kila mwisho wa kundi la vipindi vitatu, mtu mmoja achukue diski ile ya nyumbani, afungue shoti tano zozote kwenye kompyuta nyingine, na ahakikishe rigi, picha na sauti zinaonekana. Viungo vya `Link` vilivyoandikwa kwa njia ya kompyuta moja huvunjika vikihamishwa, na faili hufunguka Bibi akiwa hayupo. Tumia njia za uhusiano, zile zinazoanza na `//`, kuanzia faili ya kwanza kabisa.